Kutoka Nishati Jadidifu hadi Kisima Kimoja cha Hombolo

Mtu akikuomba umtafutie habari za nishati jadidifu, amekuomba mto Rufiji, upepo wa Turkana, mvuke wa Olkaria na gunia la mkaa, vyote kwa mkupuo. Ukimletea kituo cha Julius Nyerere, chenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, umejibu. Ukimletea mashine 365 za upepo za Loiyangalani, ambazo zilikamilika zikakaa zaidi ya mwaka zikisubiri njia ya umeme ya kwenda Suswa, umejibu pia. Olkaria iliyoanza kufua umeme kwa joto la ardhini mwaka 1981 imo, na kuni zinazopikia maharage leo jioni zimo, kwa sababu mti huota tena.

Hapo ndipo takwimu zinapoanza kumpoteza mtu asiyejua anachouliza. Utasoma kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa Kenya hutokana na nishati jadidifu, na huo ni ukweli: mvuke, maji, upepo na jua. Kisha utasoma kwamba sehemu kubwa ya nishati yote inayotumika Tanzania nayo ni jadidifu, na huo pia ni ukweli, ila safari hii kinachohesabiwa zaidi ni kuni na mkaa wa jikoni. Ya kwanza inapima umeme peke yake. Ya pili inapima umeme, petroli, gesi na moto wa mafiga matatu kwa pamoja. Aliyeziweka mbili hizo kwenye ukurasa mmoja na kuzilinganisha ameandika uongo kwa kutumia kweli mbili.

Nafanya kazi kwenye dawati la marejeo la maktaba mjini Dodoma, na ombi la namna hii hunifikia mara kwa mara. Wengi wanaolileta ni wanafunzi. Lakini lililonifundisha zaidi namna ya kulipunguza lililetwa na katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, mama mwenye miaka hamsini na kitu, aliyeliandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya duka la pembejeo: "Habari za nishati jadidifu." Basi. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza swali ambalo sasa ndilo la kwanza kwangu siku zote.

"Mama, hizi habari zikipatikana, nani atazisoma?"

"Wanakikundi. Tuna mkutano mwisho wa mwezi."

"Na mkutano utaamua nini?"

"Kama tuuze jenereta tununue sola ya kuvutia maji, mwanangu. Dizeli inatumaliza."

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake tangu mwanzo. Maneno "nishati jadidifu" aliyachukua kwenye hotuba ya kiongozi mmoja, akadhani ndiyo lugha inayotakiwa maktaba. Watu wengi hufanya hivyo: wana swali dogo na la haraka, lakini wakifika mbele ya mtaalamu hulivisha koti kubwa ili lisionekane la kijinga. Kumwuliza mtu "unataka kujua nini hasa?" hakusaidii sana, kwa sababu atarudia koti lile lile. Ukimwuliza ataamua nini akishajua, analivua mwenyewe.

Tukaandika swali upya: je, paneli za sola zinaweza kuvuta maji ya kutosha kutoka kwenye kisima chetu cha Hombolo kumwagilia ekari tatu za zabibu wakati wa kiangazi, bila jenereta? Sentensi hiyo imeshatupa nje mvuke, mkaa, upepo na bwawa la Rufiji. Na kila neno lililobaki ndani yake linadai kupimwa.

Tulianza na jua, maana ndilo alilolijia. Wengi wakishataja eneo husema "Tanzania" na kuona wamepunguza vya kutosha. Kwa mbunge anayetaka kujua nchi imefikia megawati ngapi, Tanzania ndiyo kipimo sahihi, na takwimu zinazotolewa kila mwaka na IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu lenye makao Abu Dhabi, zitamtosha. Kwa mkulima wa Hombolo wastani wa nchi hauna kazi. Anga ya Dodoma, yenye mvua ya msimu mmoja kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, siyo anga ya Bukoba wala ya Tanga.

Kwa jua kuna ramani nzuri na ya bure. Benki ya Dunia iliifungua mwaka 2017 kwa jina la Global Solar Atlas, na anwani yake ni globalsolaratlas.info. Unabonyeza kijiji chako kwenye ramani, kisha unasoma mstari ulioandikwa PVOUT. Hiyo ni idadi ya uniti za umeme ambazo paneli zenye uwezo wa kilowati moja zitazalisha mahali hapo. Uniti hizi ni zile zile unazonunua kwenye LUKU. Moja ni kilowati-saa moja. Namba ya juu ni ya mwaka mzima, kwa hiyo uigawe kwa 365. Kwa ukanda wa Dodoma tulifanya hesabu yetu kwa uniti 4.5 kwa siku kwa kila kilowati ya paneli.

Ukurasa huo pia hukuonyesha mwezi kwa mwezi, na hapo ndipo eneo na swali vinapokutana. Wastani wa mwaka unachanganya mawingu ya Januari, wakati mvua inanyesha na pampu imelala, na anga safi ya Agosti, wakati mzabibu una kiu. Mkulima anayemwagilia kiangazi aangalie miezi ya kiangazi. Bahati ya Dodoma ni kwamba miezi pampu inapohitajika ndiyo miezi ya anga isiyo na wingu. Mwenye zahanati anayetaka friji ya chanjo, kijiji hicho hicho, lazima afanye kinyume: atafute mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu friji haina msimu. Jua ni lile lile na ramani ni ile ile, ila kila mmoja ana namba yake ya kuchukua.

Kuna jambo moja dogo ambalo eneo huliamua na ambalo nimelikuta likiwa limekosewa kwenye mapaa ya watu. Miongozo mingi ya ufungaji wa paneli iliyosambaa mitandaoni imeandikwa Ulaya, Marekani au India, nchi zilizo kaskazini mwa ikweta, na yote husema paneli zielekee kusini. Hombolo iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana huku liko upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli zinaelekezwa kaskazini, tena kwa mwinamo mdogo. Nyuzi 10 zinatosha, na sababu kubwa ya kutozilaza kabisa ni ili mvua iteremshe vumbi. Ukiinamisha nyuzi 35 kuelekea kusini kama mwongozo wa Ujerumani unavyoagiza, utapoteza umeme mwingi hasa Juni na Julai, halafu utamlaumu aliyekuuzia paneli.

Baada ya jua likaja suala la kina, yaani tuchimbue hadi wapi. Mama katibu alikuwa ameshika kitabu cha chuo kinachoeleza jinsi mwanga unavyosukuma elektroni ndani ya silikoni. Ni elimu nzuri, na siku akitaka kuijua kwa ajili ya kuijua nitamtafutia kitabu bora zaidi. Lakini mkutano wake haukuwa na uamuzi wowote unaotegemea elektroni. Kina hupimwa kwa uamuzi: unachimba mpaka pale ambapo kuchimba zaidi hakutabadili kitakachoamuliwa, unasimama. Kwa ekari tatu za zabibu, kina hicho ni hesabu moja ya darasa la saba, na tuliifanya pale pale mezani.

Kwanza maji. Siku ya joto na upepo ya Oktoba, shamba la zabibu zilizokomaa linalomwagiliwa kwa matone linaweza kuhitaji maji yenye kina cha milimita 4 hivi. Milimita moja juu ya ekari moja ni kama lita 4,000, kwa hiyo ekari moja inataka lita 16,000 kwa siku, na ekari tatu lita 48,000. Tukasema 50,000.

Pili, maji hayo yanapandishwa umbali gani? Hapa watu wengi hutaja kina cha kisima. Kisima cha kikundi kilichimbwa mita 70, lakini maji hayapandishwi kutoka mita 70. Yakiwa yametulia husimama mita 28 chini ya ardhi. Pampu ikivuta hushuka. Fomu ya mchimbaji, ambayo kwa heri mama katibu alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, ilionyesha kwamba baada ya saa nyingi za kuvuta maji yalishuka yakasimama mita 40. Hiyo 40 ndiyo namba ya kazi. Ukijumlisha mita 6 za kupandisha kwenye tangi lililoinuliwa, na kama mita 4 zinazoliwa na msuguano ndani ya mabomba, unapata mita 50.

Tatu, nguvu. Wahandisi wa maji wana njia fupi: chukua maji kwa maelfu ya lita, zidisha kwa mita za kupandisha, gawanya kwa 367, utapata uniti za umeme ambazo kazi hiyo ingetumia kama kusingekuwa na upotevu wowote.

```
50 x 50 / 367 = 6.8
6.8 / 0.45 = 15
15 / 4.5 = 3.3
3.3 x 1.25 = 4.2
```

Mstari wa pili unakiri kwamba hakuna pampu isiyopoteza. Pampu ya kuzamishwa kisimani pamoja na mota na kidhibiti chake hugeuza chini kidogo ya nusu ya umeme kuwa maji yaliyopanda, ndiyo maana uniti 6.8 zinakuwa 15. Mstari wa tatu unazigawa kwa jua la Dodoma. Mstari wa nne unaongeza robo, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu asubuhi na mapema paneli hutoa umeme hafifu usiotosha kuinua maji. Jibu ni kilowati 4.2, yaani paneli kumi za wati 450.

Mama katibu alifurahi, kwa sababu muuzaji mmoja alikuwa amewaandikia paneli kumi na mbili na alikuwa na wasiwasi kwamba anapunjwa. Muuzaji hakuwa ameenda mbali. Hapo wengine wangefunga daftari. Lakini nilitaka tusome tena ile fomu ya mchimbaji, kwa sababu ilikuwa na mstari mmoja ambao hesabu yetu haikuugusa: wingi wa maji unaoruhusiwa kuvutwa, lita 5,000 kwa saa.

Nikamwuliza jenereta yao huwaka saa ngapi kwa siku.

"Kiangazi tunawasha alfajiri, tunazima jioni. Saa kumi hivi."

Saa kumi mara lita 5,000 ni lita 50,000. Kisima na jenereta vilikuwa vimekubaliana miaka yote, kisima kikitoa polepole na jenereta ikisubiri. Sola haina subira hiyo. Jua lenye nguvu ya kuiendesha pampu kwa kasi yake yote hudumu kama saa sita, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Lita 50,000 kwa saa sita ni zaidi ya lita 8,000 kwa saa, na kisima hiki hakitoi 8,000. Muuzaji alikuwa amepanga pampu inayolingana na jua, inayolingana na shamba, na isiyolingana na kisima.

Makosa haya hutokea sana, na dalili zake zinajulikana. Wiki za kwanza pampu mpya inamwaga maji kwa nguvu na watu wanapiga picha. Kisha mchana wa saa tano, jua likiwa kali kabisa, pampu inajizima yenyewe. Inakaa dakika kadhaa, inawaka, inajizima tena. Kidhibiti kinailinda isivute hewa, kwa sababu maji kisimani yameshuka hadi usawa wake. Wakati mwingine maji yanaanza kutoka na mchanga, dalili kwamba yanavutwa kwa kasi kuliko mwamba unavyoyapitisha. Wanakikundi wanaona pampu imezima chini ya jua kali na wanahitimisha kwamba sola ni mbovu. Fundi akija anabadilisha kidhibiti, na tatizo linabaki. Ukitaka kujua kama ni umeme au ni maji, angalia wakati. Pampu inayosumbua asubuhi na jioni au wingu likipita ina upungufu wa umeme. Inayosumbua saa sita mchana ina upungufu wa maji.

Basi swali likabadilika mara ya pili. Halikuwa tena "sola inaweza?" bali "kisima kinaweza kutoa kiasi gani katika saa za jua?" Na jibu lake halipatikani kwenye kitabu chochote cha nishati. Ramani ya jua inatosha kwa kata nzima, maana jua la shamba hili na la shamba lile pale ni moja. Maji ya chini ya ardhi hayako hivyo. Miamba ya Dodoma ni ya kale, migumu, na maji hukaa kwenye sehemu iliyolika na kwenye nyufa. Kisima kimoja kinaweza kutoa lita 5,000 kwa saa na kingine umbali wa mita 200 kikatoa ndoo. Kwa hiyo ombi moja lilihitaji maeneo mawili ya ukubwa tofauti: wilaya kwa jua, na tundu moja la inchi sita kwa maji.

Njia tuliyoipata ilitoka kwenye mwongozo wa umwagiliaji wa sola ulioandaliwa na shirika la Ujerumani la GIZ pamoja na FAO, wenye majedwali ya kukokotoa ambayo mtu anayajaza mwenyewe kwenye kompyuta. Badala ya pampu kubwa, chukua pampu ndogo isiyozidi lita 5,000 kwa saa, lakini usipunguze paneli kwa kiasi hicho hicho. Kwa saa sita pampu hiyo itatoa lita 30,000, na ukirudia hesabu yetu inahitaji kama kilowati 2.5 tu, paneli sita. Ukiiwekea paneli tisa au kumi, zile za ziada haziongezi kasi ya mchana, kwa sababu kidhibiti hakiruhusu. Kazi yake ni kuamsha pampu mapema. Saa mbili kasoro asubuhi, wakati paneli sita zingekuwa bado zinasinzia, paneli kumi zinatoa umeme wa kutosha pampu ifikie kasi yake. Alasiri vivyo hivyo. Siku ya pampu inarefuka kuelekea saa nane, na maji yanakaribia lita 40,000. Zinazobaki 10,000 ni saa mbili za jenereta jioni, kwa zile wiki za Septemba na Oktoba zenye kiu kubwa. Betri zingeweza kufanya kazi hiyo, lakini kwa pampu ya shambani maji kwenye tangi hudumu bila kuchakaa na betri huchakaa, kwa hiyo sikumshawishi.

Kikundi kilikuja kwa nia ya kuuza jenereta. Jibu likawa: msiiuze, iwe ya akiba, iwake saa mbili badala ya kumi. Hakuna makala ya jumla kuhusu nishati jadidifu ambayo ingewaambia hivyo, wala siwalaumu waandishi wake. Hawakuwa na fomu ya mchimbaji.

Suala la nani atasoma lilirudi tulipofika kwenye kuandika. Maelezo yale yale huchukua sura tofauti kwa kila msomaji, na mtu asipoliangalia mapema ataandika waraka usiomfaa yeyote. Mkutano wa wanakikundi ulihitaji ukurasa mmoja wenye namba nne: lita za shamba, lita za kisima kwa saa, saa za jua, saa za jenereta zitakazobaki. Mkopeshaji hajali lita. Anataka kujua kikundi kinatumia kiasi gani cha fedha kwa dizeli leo na kitaokoa kiasi gani. Kwa hilo ushahidi bora kuliko utafiti wowote uliochapishwa ni daftari la kikundi lenyewe. Mama katibu alikuwa na risiti za dizeli za misimu miwili, na nilimwomba azipange kwa miezi, ili ionekane kwamba gharama imebebwa na Julai hadi Novemba na kwamba marejesho ya mkopo nayo yafuate mavuno badala ya kudaiwa kila mwezi kwa usawa. Mkopeshaji ataangalia pia umri wa vifaa. Paneli mara nyingi huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Pampu na kidhibiti havina umri huo, kwa hiyo bajeti inayovihesabu vyote kwa miaka 25 inaficha pampu ya pili na kidhibiti cha pili.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeleta ombi hilo hilo hahitaji chochote kati ya hivi. Yeye nitamwuliza mwalimu alitoa swali gani kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu "eleza faida na hasara za nishati jadidifu" na "linganisha vyanzo viwili vya umeme Tanzania" ni rafu mbili tofauti za vitabu.

Jambo la mwisho sikulitafuta. Lilijitokeza lenyewe nilipokuwa natafuta habari za visima vya ukanda huu, na ndilo linalonigusa kuliko yote. Kaskazini mwa jiji la Dodoma kuna bonde la Makutupora, ambalo visima vyake vimenywesha mji huu kwa miongo mingi. Usawa wa maji yake umerekodiwa kwa miaka 55 tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ya aina yake katika Afrika ya tropiki, na mwaka 2013 watafiti wakiwemo Watanzania waliichapisha kwenye jarida la Nature Climate Change. Walionyesha kwamba hifadhi ile haijazwi kidogo kidogo kila masika. Misimu mingi inapita maji yakishuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, mara nyingi wa El Nino, na maji yanapanda kwa ghafla. Mvua za 1997 na 1998 ndizo zilizoyapandisha kuliko zote katika kumbukumbu hizo.

Fikiria maana yake kwa mwenye pampu ya sola. Jenereta ilikuwa na breki yake: kila saa ya kuvuta ilikuwa na bei, kwa hiyo mtu alizima mara shamba liliposhiba. Sola ikishalipiwa, saa ya kuvuta haina bei. Jirani anaomba maji, tangi linafurika, ekari ya nne inapandwa, na kisima kinavutwa kila siku yenye jua kwa miaka ambayo mvua ya kukijaza haijaja. Ndiyo sababu kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambalo Hombolo imo ndani yake kupitia mto Kinyasungwe, siyo karatasi ya usumbufu. Kibali kinataja kiasi cha kuvuta, na kikundi kinaweza kufunga mita ya maji kwenye bomba la tangi ili kijue kama kimezidi. Nilimwambia mama katibu aliweke hilo kwenye ukurasa wa mkutano kama namba ya tano, na akaliweka.

Tulipomaliza, ombi lake lilisomeka hivi: "Tunahitaji kujua kama kisima chetu, kinachotoa lita 5,000 kwa saa kwa mujibu wa upimaji wa mwaka kilipochimbwa, bado kinatoa hivyo, ili tuchague pampu ya sola ya ekari tatu za zabibu na tuombe mkopo kabla ya msimu." Neno nishati halimo kabisa. Kilichobaki ni kazi ya shambani. Upimaji ule wa kwanza ulifanywa mwezi Mei, mara baada ya mvua, wakati kila kisima kina afya. Urudiwe mwishoni mwa Oktoba, pampu ivute lita 5,000 kwa saa kwa saa nane mfululizo kama itakavyovuta kwa jua, na mtu akae na kamba yenye alama za mita akiandika usawa wa maji kila nusu saa. Namba ikitulia karibu na 40, hesabu yetu inasimama. Ikiendelea kushuka hadi jioni, wanunue pampu ya lita 3,000 au 4,000 na wapunguze ekari, hata kama muuzaji atawaambia kwamba kwa jua la Dodoma pampu kubwa ndiyo yenye thamani.